Swali Moja, Maksi Mbili

Mwaka 1912 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, walifanya jaribio ambalo liliwakera walimu wengi. Walichukua karatasi mbili za majibu ya mtihani wa Kiingereza zilizoandikwa na wanafunzi wa sekondari, wakazinakili, wakazipeleka kwenye shule nyingi ili walimu wa somo hilo wazisahihishe kwa mia. Walimu 142 wakarudisha maksi zao. Karatasi moja, yenye maneno yaleyale na mwandiko uleule, ilipewa 64 na mwalimu mmoja, na 98 na mwingine. Ya pili iliangukia 50 kwa baadhi yao na kwa wengine ikapita 90.

Wapo waliosema hilo si ajabu, kwani Kiingereza ni somo la lugha na kila mtu ana ladha yake. Mwaka uliofuata Starch na Elliott wakarudia jaribio kwa karatasi ya jiometri, somo ambalo kila mtu anaamini jibu lake ni moja. Hali ikawa mbaya zaidi: maksi zilianzia 28 zikapanda hadi zaidi ya 90. Mwalimu mmoja alikata maksi kwa uchafu wa kazi, mwenzake akatazama hatua za hoja tu na mchoro akauacha kama ulivyo.

Ukilitazama jaribio hilo vizuri utaona kwamba walimu wale hawakuwa wazembe, wala hawakuwa na upendeleo, maana mwanafunzi hawakumjua. Kasoro yao ilikuwa moja tu: hakuna aliyekuwa amewaambia nini kinapewa maksi na nini hakipewi. Kila mmoja akatumia mwongozo wake wa kichwani, na miongozo ya kichwani haifanani.

Karne moja na zaidi imepita, na bado katika shule nyingi swali la insha hutungwa jioni ya kuamkia mtihani, mwongozo wa kusahihishia ukaandikwa baada ya karatasi kukusanywa, tena kwa vidokezo vitano vya neno mojamoja. Makala hii inafuata swali moja tu la insha tangu linapotungwa hadi wasahihishaji wawili wanapolitolea maksi zinazokaribiana. Nimechagua swali la Vita vya Maji Maji kwa sababu karibu kila aliyesoma Tanzania amewahi kuulizwa kuhusu vita hivyo, na pia kwa sababu somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, hivyo mifano ya majibu tutaiona kwa lugha ambayo mwanafunzi mwenyewe anaiandika.

Tuanze na swali lilivyozoeleka: "Jadili Vita vya Maji Maji. (Alama 20)". Wape wanafunzi watatu. Wa kwanza ataandika kuhusu kodi ya kichwa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, yaani chanzo cha vita. Wa pili atasimulia habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na maji yaliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji. Wa tatu atazungumzia njaa iliyofuata. Wote watatu wamejibu, na wote wanaweza kulalamika kwa haki wakipewa maksi ndogo. Hapo hata msahihishaji mwenye hekima ya namna gani hawezi kuwapima kwa kipimo kimoja, kwa kuwa kila mmoja amefanya mtihani wake.

Mtungaji anayejua kazi huanza kwa kujiuliza anataka kuona nini kwenye karatasi. Tuseme anataka kujua kama mwanafunzi anaweza kueleza kwa nini wapiganaji walishindwa, na kama anaweza kupima sababu ipi ilikuwa nzito kuliko nyingine. Basi swali liseme hivyo:

"Kati ya mwaka 1905 na 1907 jamii nyingi za kusini mwa Tanzania ya leo zilipigana na Wajerumani katika Vita vya Maji Maji, zikashindwa. (a) Eleza sababu nne za kushindwa kwao. Kwa kila sababu toa ushahidi mmoja wa kihistoria. (Alama 16) (b) Kati ya sababu ulizozieleza, chagua moja unayoona ilikuwa na uzito kuliko nyingine, kisha utetee uchaguzi wako kwa kuilinganisha na nyingine. (Alama 4)"

Swali limerefuka, na wapo walimu watakaosema limemtafunia mwanafunzi. Mimi sikubaliani nao. Hakuna jibu hata moja lililotajwa humo. Kilichotajwa ni kazi ya kufanya, idadi ya sababu na thamani ya kila sehemu, na hayo si siri ya mtahini. Mwanafunzi anayejua historia lakini hajui mwalimu anataka nini hukosa maksi za historia kwa kushindwa kitu kingine kabisa. Zingatia pia neno "Tanzania ya leo". Mtungaji hakuandika Tanganyika kwa sababu mwaka 1905 jina hilo la nchi lilikuwa halijaanza kutumika. Eneo lote lilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Swali lenye kosa humfunga mikono msahihishaji, kwani hawezi kumkata mwanafunzi kwa kosa alilolikuta kwenye swali.

Kabla swali halijapigwa chapa, mtungaji akae alijibu mwenyewe. Aandike kwa mkono, saa ikiwa mezani, kwa muda ambao mwanafunzi atakuwa nao. Hapa ndipo wengi hurukia, wakidhani kwamba kwa kuwa wanalijua jibu hakuna haja ya kuliandika. Lakini jibu la mfano halikusudiwi kuonyesha ujuzi wa mwalimu. Linakusudiwa kulijaribu swali. Ukiandika kwa dakika 35 na bado uko kwenye sababu ya tatu, swali ni refu. Ukiona sababu ya nne inafanana na ya pili, basi huenda sababu za kweli ni tatu na wewe umedai nne kwa mazoea. Jibu liandikwe kwa kiwango cha mwanafunzi mzuri wa Kidato cha Nne, kwa maneno yake na vitabu vyake. Si kwa kiwango cha mhadhiri.

Aya moja ya jibu la mfano inaweza kuwa hivi: "Sababu mojawapo ilikuwa tofauti ya silaha. Wapiganaji wengi walitumia mikuki, mishale na magobore, wakati jeshi la Wajerumani lilikuwa na bunduki za kisasa na bombomu. Kwa hiyo wapiganaji walipoishambulia ngome kwa wingi wao waliuawa kabla hawajaikaribia, na wingi huo haukuwasaidia. Hayo yalitokea Mahenge mwishoni mwa Agosti 1905."

Na jibu la sehemu (b) linaweza kuwa hivi: "Naona kuchomwa kwa mashamba na maghala kulikuwa na uzito kuliko silaha. Silaha ziliwashinda wapiganaji kwenye mapambano ya wazi mwaka 1905, lakini wengi walirudi porini wakaendelea kushambulia kwa kushtukiza. Vita vilifika 1907. Waliokuwa hawajamalizwa na bombomu walimalizwa na njaa, kwa sababu hawakuwa na chakula cha kuendeleza vita."

Sasa itazame aya ya kwanza kama msahihishaji. Ina vitu vitatu vinavyotenganishika. Kuna sababu iliyotajwa, yaani tofauti ya silaha. Kuna maelezo ya jinsi sababu hiyo ilivyoleta kushindwa. Kuna ushahidi, tukio lenye mahali na wakati. Mwongozo wa kusahihishia unazaliwa hapohapo, kutoka kwenye jibu lililoandikwa, haushuki kutoka hewani. Kwa kila sababu mwanafunzi atapata alama 1 kwa kuitaja, alama 2 kwa maelezo na alama 1 kwa ushahidi. Hizo ni alama 4, na mara nne ni 16.

Kinachofuata ni orodha ya sababu zinazokubalika, na hii iwe ndefu kuliko nne zinazodaiwa: silaha duni, imani juu ya maji kuvunjika baada ya watu kufa kwa risasi, jamii nyingine kutojiunga, mfano Wahehe, kukosekana kwa uongozi mmoja wa kijeshi, mbinu ya Wajerumani ya kuchoma vijiji, mashamba na maghala, Wajerumani kupata askari wa nyongeza kutoka nje ya koloni, viongozi kukamatwa na kuuawa, kama Kinjikitile aliyenyongwa mapema Agosti 1905. Chini ya orodha liandikwe bila kuficha: sababu nyingine iliyo ya kweli na yenye maelezo itakubaliwa.

Ugumu wa mwongozo, hata hivyo, hauko kwenye orodha. Uko kwenye zile alama 2 za maelezo. Miongozo mingi husema "maelezo ya kina, alama 2, maelezo hafifu, alama 1". Maneno "kina" na "hafifu" hayamsaidii mtu, kwa sababu kila msahihishaji ana kina chake. Hayo ni maneno ya sifa, na maneno ya sifa ndiyo yaliyowatenganisha walimu wa mwaka 1912. Mwongozo unaofuatika hueleza kitu ambacho jicho linaweza kukiona kwenye karatasi. Kwa swali letu utasema hivi: alama 2 zitolewe ikiwa mwanafunzi ameonyesha hatua mbili, kwanza nini kilitokea, na pili jinsi kilivyodhoofisha wapiganaji au kuimarisha Wajerumani. Akionyesha hatua moja tu apewe 1. Akirudia sababu kwa maneno mengine apewe 0.

Twende kwenye karatasi. Mwanafunzi mmoja ameandika: "Sababu nyingine maji hayakufanya kazi. Watu walipoona wenzao wanakufa wakaogopa sana."

Kwa mwongozo wa "maelezo ya kina", ofisi moja ya walimu inaweza kuipa aya hii 2, 3 au 4, na kila mwalimu akawa na hoja. Anayetoa 4 atasema mtoto ameelewa. Anayetoa 2 atasema ni sentensi mbili tu, kina kiko wapi? Kwa mwongozo wa hatua mbili ubishi unapungua. Sababu imetajwa, alama 1. Hatua ya kwanza ipo: watu waliona wenzao wanakufa, wakaogopa. Hatua ya pili haipo, kwani hakusema hofu hiyo ilifanya nini, kama watu waliacha vita, walijisalimisha au waliacha kuwaamini viongozi. Alama 1. Ushahidi haupo, 0. Jumla ni 2. Utasema mtoto amedhulumiwa, kwa kuwa ni dhahiri mtu akiogopa atakimbia. Huenda. Lakini msahihishaji akianza kujaza yaliyo dhahiri, atamjazia mwenye mwandiko mzuri na kumwacha mwenye mwandiko wa kukwaruza. Edward Thorndike aliandika juu ya tabia hii mwaka 1920: sifa moja nzuri ya mtu hutufanya tumpandishe hata kwenye mambo yasiyohusiana nayo. Dawa yake kwenye usahihishaji ni kukubaliana kwamba kinachopewa alama ni kilichoandikwa.

Karatasi nyingine ni ngumu zaidi: "Wahehe wa Mkwawa hawakujiunga na vita, hivyo Wajerumani hawakupigana pande zote kwa wakati mmoja, wakaweza kupeleka nguvu zao kusini." Sababu ipo, hatua mbili zipo. Je, ushahidi upo? Mkwawa alikufa mwaka 1898, miaka saba kabla ya vita kuanza. Msahihishaji mmoja atakata alama ya ushahidi kwa kuwa jina hilo halina nafasi hapo. Mwingine ataitoa, kwani ni kweli Wahehe hawakujiunga, na "wa Mkwawa" ni namna tu ya kuwataja watu hao. Hakuna kanuni ya mbinguni inayoamua jambo hili. Lazima mwongozo uamue, na ukishaamua uandikwe. Mimi ningeandika hivi: "Akitaja Wahehe kutojiunga, toa alama ya ushahidi hata akiwaita watu wa Mkwawa. Akisema Mkwawa mwenyewe aliwakataza watu wake wasijiunge, usitoe alama ya ushahidi, lakini alama za sababu na maelezo zibaki." Uamuzi mmoja kama huo, ukiwafikia wasahihishaji wote kabla hawajaanza, huokoa mabishano ya siku nzima.

Mambo mengine ya kuamuliwa mapema ni machache lakini hujirudia kila mwaka. Mwanafunzi akitoa sababu sita badala ya nne, zisahihishwe zote na kuchukuliwa nne bora, au zichukuliwe nne za kwanza? Zote mbili zinaweza kutetewa. Kwa mtihani wa darasani napendelea nne bora, ingawa zinampa msahihishaji kazi zaidi. Sababu moja ikirudiwa kwa maneno tofauti inalipwa mara moja. Makosa ya tahajia na sarufi hayakatwi, kwa kuwa swali ni la historia. Utangulizi na hitimisho havina alama kwenye swali hili, na hilo liandikwe pia, maana wapo walimu waliozoea kuvipa alama mbili mbili kwa desturi tu.

Sehemu (b) haisahihishiki kwa njia ya vema. Huwezi kuhesabu hoja pale unapopima uzito wa hoja. Kwa hiyo alama 4 hizo zinawekwa kwenye ngazi, na kila ngazi inaelezwa:

0: hajachagua sababu.

1: amechagua, lakini hajaitetea, au amerudia maneno ya sehemu (a).

2: ametoa utetezi unaohusu sababu hiyo peke yake.

3: ameilinganisha na sababu nyingine, bila ushahidi.

4: ameilinganisha na sababu nyingine, kwa kutumia tukio au jambo la kweli la vita hivyo.

Chini yake kuna sentensi moja ya lazima: mwanafunzi anaweza kuchagua sababu yoyote. Jibu la mfano limechagua njaa, na hapo pana mtego. Msahihishaji aliyechoka, saa kumi jioni, akiwa na jibu la mfano mkononi, huanza kuamini kwamba njaa ndiyo jibu. Anayechagua silaha anaonekana amekosea. Ni vyema kuwe na jibu fupi la pili la mfano, lenye uchaguzi tofauti na lililopata alama 4 kamili, ili kumkumbusha.

Mpaka hapa tuna swali, jibu la mfano na mwongozo. Wengi huishia hapa, wakatoa nakala na kugawana karatasi. Lakini mwongozo ambao haujajaribiwa kwenye karatasi halisi ni rasimu. Chukua karatasi kama kumi, zisiwe za juujuu ya bunda tu. Tafuta nzuri, za kati, dhaifu na zile za ajabu, ambazo mwanafunzi amejibu kwa njia usiyoitarajia. Walimu wawili wazisahihishe kila mmoja peke yake, maksi waziandike kwenye karatasi ya pembeni. Ukiandika 13 kwa wino mwekundu juu ya karatasi, mwenzako hasahihishi tena. Anakubaliana nawe au anakupinga, na hilo ni jambo tofauti.

Kisha mlinganishe sehemu kwa sehemu. Ukilinganisha jumla peke yake utadanganyika. Tuseme kwenye karatasi moja mwalimu wa kwanza ametoa 3, 4, 2 na 3 kwa sababu nne, halafu 1 kwa sehemu (b). Jumla yake ni 13. Mwalimu wa pili ametoa 2, 3, 2 na 2, halafu 4 kwa sehemu (b). Jumla yake pia ni 13. Kwenye orodha ya matokeo watu hawa wawili wamekubaliana kabisa. Ukweli ni kwamba hawajakubaliana karibu popote. Wamekutana kwenye jumla kwa bahati. Mmoja ni mkarimu kwenye maelezo, mwingine ni mkarimu kwenye hukumu.

Hapo mnarudi kwenye maneno ya mwanafunzi. Sehemu (b) aliandika: "Silaha ndiyo sababu kubwa kwa sababu bila bunduki huwezi kushinda vita." Aliyetoa 1 aliona ni sentensi moja, akaona haitoshi. Aliyetoa 4 alipenda uamuzi wake. Ngazi zenyewe zinasemaje? Utetezi upo, unahusu sababu moja tu, ulinganisho haupo. Hiyo ni ngazi ya 2, na wote wawili walikuwa wameuacha mwongozo. Tatizo kama hili linatibiwa kwa kusoma ngazi kwa sauti. Lakini kama wote wawili wameusoma vizuri na bado wakatofautiana, lawama ni ya mwongozo na sentensi hiyo iandikwe upya. Ni vizuri kupanga mapema tofauti mnayoivumilia. Kwa swali la alama 20, tofauti ya alama 2 kwa jumla na 1 kwa kila kipengele inavumilika. Ikizidi hapo, karatasi isomwe tena.

Karatasi chache mlizokubaliana juu yake zihifadhiwe pamoja na mwongozo, zikiwa na maelezo ya kwa nini zimepata maksi hizo. Hizi ndizo karatasi za kupimia. Uzoefu unaonyesha kwamba msahihishaji mgeni hujifunza haraka zaidi kwa kusoma karatasi nne za namna hiyo kuliko kwa kusoma ukurasa mzima wa maelekezo. Kikao cha kuwianisha usahihishaji, kile ambacho kwenye mitihani mikubwa hufanyika kabla kazi haijaanza, kinafaa kitumie muda wake mwingi juu ya karatasi hizo badala ya hotuba.

Kazi ikianza, kuna adui mwingine: kusogea kidogo kidogo. Mtu anayeanza asubuhi akiwa mkali hujikuta mchana amelegea, au kinyume chake. Jibu la wastani linalofuata majibu matano mabovu huonekana zuri. Ndiyo maana inashauriwa kusahihisha swali moja kwa darasa zima kabla ya kwenda swali linalofuata, karatasi zichanganywe kila swali linapobadilika, na jina la mwanafunzi lisionekane. Mabaraza ya mitihani ya Kenya na Tanzania hutumia utaratibu wa kumpa kila msahihishaji swali lake au sehemu yake, karatasi ikapita mikononi mwa watu kadhaa. Faida yake si kasi tu. Mtahiniwa hapati bahati mbaya ya kuangukia kwa mtu mmoja mkali kwa karatasi nzima.

Kiongozi wa kundi naye huchukua karatasi chache za kila msahihishaji na kuzisahihisha upya bila kuangalia maksi zilizotolewa. Anachotafuta ni cha namna mbili. Msahihishaji anayetoa alama 2 pungufu kwa kila karatasi anaweza kurekebishwa kirahisi, kwa kuwa ukali wake unajulikana. Anayetoa 3 zaidi hapa na 3 pungufu pale ndiye wa kuhofia, hata kama wastani wake unalingana na wa wenzake. Karatasi zake hazirekebishiki kwa hesabu. Lazima zisomwe upya zote.

Na jibu lisilotarajiwa likitokea katikati ya kazi? Tuseme mwanafunzi ameandika kwamba meli za kivita za Wajerumani ziliwasaidia kushusha askari pwani. Ni kweli, tena ni jambo ambalo si kila kitabu cha shule kinalieleza. Msahihishaji asiamue peke yake. Aiweke kando, aulize, uamuzi uandikwe kwenye mwongozo, wenzake wote waarifiwe, na waliokwisha kutana na jibu hilo warudi nyuma. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayofanya wanafunzi wawili wenye jibu moja wapate maksi tofauti kwa sababu tu mmoja alisahihishwa Jumatatu na mwingine Jumatano.

Mwalimu wa shule ndogo, aliye peke yake kwenye somo lake, atauliza mwenzake wa kulinganisha naye atampata wapi. Anaye: ni yeye mwenyewe, siku mbili baadaye. Asahihishe karatasi tano, maksi aziandike pembeni na kuzificha, kisha azirudie bila kuzitazama. Akipishana na nafsi yake kwa alama 4, mwongozo wake bado haujakaa sawa. Anaweza pia kubadilishana karatasi chache na mwalimu wa shule ya jirani kwa simu, kwa kupiga picha, mradi majina yafunikwe.

Mwongozo mzuri una mipaka yake, na ni haki kuisema. Wasahihishaji wanaweza kukubaliana kwa asilimia mia juu ya kitu kisichostahili kupimwa. Kama sababu nne za swali letu ziko kwenye daftari kwa mpangilio uleule, na mwalimu amezirudia darasani wiki iliyopita, sehemu (a) inapima kukariri, hata kama maksi zake zinalingana kwa kila msahihishaji. Ndiyo maana sehemu (b) imewekwa, na ndiyo maana mimi ningependelea iongezewe alama mwaka unaofuata, wanafunzi wakishaizoea. Pia, swali la insha hula muda mwingi wa mtihani na hugusa sehemu ndogo ya muhtasari wa somo. Mtihani wenye insha mbili tu humwadhibu aliyesoma mada kumi na kuulizwa mbili asizozipenda.

Jambo la mwisho ni kwa walimu. Maksi zikishatoka, wapeni wanafunzi mwongozo wenyewe, pamoja na jibu moja lililopata 4 kwenye sehemu (b) na jingine lililopata 2, majina yakiwa yamefutwa. Waacheni wasahihishe karatasi zao kwa mwongozo huo kabla hamjawarudishia maksi zenu. Wataona kasoro za swali ambazo nyinyi hamkuziona, na hizo mziandike kabla ya kutunga la muhula ujao.